Zao si tokeo: kurekebisha aya ya ripoti ya ufuatiliaji na tathmini

Aya ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya makala hii, ila yeyote aliyewahi kuhariri ripoti za robo mwaka ataitambua mara moja. Mradi wenyewe ni wa maji salama ya kunywa majumbani: wahudumu wa afya wa jamii wanafundishwa, kaya zinapewa chombo chenye kifuniko na koki pamoja na chupa ya klorini, na lengo ni kwamba watu watie klorini katika maji yao kabla ya kuyanywa.

«Katika robo hii mradi umepata matokeo makubwa. Wahudumu 57 wamejengewa uwezo kwa siku 3 na uelewa wao umeongezeka. Kaya 1,164 zimewezeshwa kupata vyombo na klorini, hivyo sasa zinakunywa maji salama. Kutokana na mafanikio hayo, magonjwa ya kuhara yamepungua kwa kiasi kikubwa.»

Aya hii haina uongo wa makusudi. Kasoro yake ni kwamba inatoka katika kile ambacho mradi umekitoa na kuingia katika kile ambacho watu wamekibadilisha bila kumwonyesha msomaji mahali ilipovuka mpaka. Katika ufuatiliaji na tathmini, vitu hivyo viwili vina majina tofauti. Bidhaa na huduma zilizotoka moja kwa moja mikononi mwa mradi, kama vile mafunzo yaliyotolewa, vyombo vilivyogawiwa na visima vilivyochimbwa, ni mazao ya mradi. Badiliko linalotokea kwa walengwa kwa sababu wameyatumia mazao hayo, kama vile desturi mpya, huduma iliyoboreka au maji yaliyo salama kweli ndani ya chombo, ndiyo matokeo.

Sehemu ya tatizo imo katika lugha yetu yenyewe. Neno «matokeo» kwa Kiswahili cha kila siku hubeba chochote kilichotoka baada ya kazi: matokeo ya mtihani, matokeo ya mechi, matokeo ya kikao. Kwa hiyo mwandishi anaposema kwamba kugawa vyombo 1,164 ni matokeo, sikio halishtuki. Wapo wanaojaribu kuokoa hali kwa kuyaita mazao «matokeo ya awali» au «matokeo ya moja kwa moja», lakini uzoefu wangu ni kwamba kivumishi hicho hudondoka ripoti inapofika ukurasa wa tatu, na linabaki neno moja linalomaanisha mambo mawili. Ni afadhali kutumia maneno mawili yasiyofanana, na kuyafafanua mara moja mwanzoni mwa ripoti.

Njia nyepesi ya kuyatenganisha ni kumtafuta mtendaji wa kitenzi, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Angalia vitenzi vya aya ile: wamejengewa, zimewezeshwa. Vyote viko katika hali ya kutendwa, na mtendaji aliyefichwa nyuma yake ni mradi. Mlengwa amepokea tu. Sentensi inayoeleza tokeo humweka mlengwa katika nafasi ya mtendaji: mama anatia klorini, mhudumu anatembelea kaya, kaya inafunika chombo. Ukiona msururu wa «walipewa», «walifundishwa», «walihamasishwa» na «waliwezeshwa», unasoma orodha ya mazao hata kama kichwa cha sehemu hiyo kinasema matokeo.

Kipimo hicho kina mpaka wake. «Wahudumu 57 walihudhuria mafunzo» ina kitenzi cha kutenda, lakini mahudhurio ni sehemu ya zao. Kwa hiyo ongeza swali la pili: je, jambo hili lingeweza kukamilika kwa fedha na wafanyakazi wa mradi peke yao, hata kama hakuna mlengwa ambaye angebadilisha chochote nyumbani kwake? Ukumbi, mwezeshaji na nauli vinatosha kuwaleta watu mafunzoni. Havitoshi kumfanya mtu apime klorini kila anapojaza chombo, kwa sababu uamuzi huo ni wake.

Swali hilo la pili pia hukulazimisha kutaja mpaka wa mradi wako. Chukua sentensi «wahudumu walitembelea kaya 900». Ikiwa wahudumu hao wanalipwa na mradi ili wafanye ziara, ziara ni huduma ya mradi, yaani zao. Ikiwa ni wahudumu wa mfumo wa afya uliopo, ambao mradi uliwafundisha kwa matumaini kwamba wataanza kufanya ziara, basi ziara zao ni tokeo. Maneno ni yaleyale. Kinachoamua ni nani aliyekuwa mlengwa katika jedwali la mantiki ya mradi, yaani jedwali linalopanga mazao na matokeo yanayotarajiwa.

Sasa turudi kwenye aya, sentensi kwa sentensi. Sentensi ya kwanza inafutwa, kwa kuwa «makubwa» si kipimo. Ya pili inabeba mambo mawili yanayohitaji kutenganishwa, na neno «kujengewa uwezo» linapaswa kutoka kwa sababu linaahidi uwezo hali kilichohesabiwa ni mahudhurio. Ya tatu ndiyo yenye ufa mkubwa zaidi, na ufa wenyewe umejificha katika neno moja dogo, «hivyo». Neno hilo linadai kwamba kaya iliyopewa klorini inakunywa maji yenye klorini, jambo ambalo ndilo hasa tulilopaswa kulichunguza. Ya nne imeruka daraja zima na kufika kwenye athari za muda mrefu.

Ili kuziba ufa huo tunahitaji takwimu za matumizi, na takwimu hizo haziwezi kutoka kwenye daftari la ugawaji. Tuseme kwamba wiki 8 baada ya kugawa vyombo, timu ya ufuatiliaji ilichagua kaya 200 kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya waliopokea, ikazitembelea bila taarifa, na ikapima maji yaliyokuwemo chomboni wakati huo. Kipimo ni rahisi: maji kidogo yanatiwa kidonge cha kitendanishi, na kama yana klorini huru yanageuka rangi ya waridi, kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini inavyokuwa nyingi. Kaya inahesabiwa kuwa imetibu maji yake ikiwa klorini iliyobaki inafika angalau miligramu 0.2 kwa lita, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja kwa maji yanapomfikia mtumiaji. Kaya 187 zilikuwa na maji ya kunywa siku hiyo, na 86 kati yake zilifikia kiwango, sawa na asilimia 46. Kabla ya mradi, kipimo hichohicho kilipata kaya 11 kati ya 183, yaani asilimia 6.

Timu iliuliza pia swali la mdomo, na kaya 152 kati ya zile 187, sawa na asilimia 81, zilisema kwamba hutia klorini katika maji yao. Mwandishi mwenye haraka angechukua asilimia 81. Lakini mtu aliyepewa chombo bure hujisikia vibaya kumwambia mgeni wa mradi kwamba hakitumii, na jibu lake linaeleza mazoea kwa jumla badala ya maji yaliyomo chomboni leo. Kwa kiashiria cha tokeo, rangi ya waridi inatosha; jibu la mdomo libaki pembeni kama maelezo ya ziada.

Aya iliyorekebishwa inaweza kusomeka hivi:

«Katika robo hii mradi ulifundisha wahudumu 57 kati ya 60 waliokusudiwa, wote 57 walihudhuria siku zote 3. Ulitoa pia vyombo vya maji na chupa za klorini kwa kaya 1,164 kati ya 1,200 zilizolengwa (asilimia 97). Wiki 8 baada ya ugawaji, kaya 86 kati ya 187 zilizopimwa (asilimia 46) zilikuwa na maji ya kunywa yenye klorini ya kutosha, ikilinganishwa na asilimia 6 kabla ya mradi. Lengo la mwisho wa mwaka ni asilimia 60. Miongoni mwa kaya 101 ambazo hazikufikia kiwango, 58 zilikuwa zimeishiwa na klorini. Mabadiliko katika magonjwa ya kuhara hayajapimwa katika robo hii.»

Sentensi mbili za kwanza ni mazao, na kila moja inalinganisha kilichotolewa na kilichopangwa. Ya tatu ni tokeo, na pamoja na lengo linalotajwa katika ya nne ina kila kitu ambacho tokeo linahitaji ili liaminike: nani amebadilika, amepimwa lini na kwa njia gani, alikuwa wapi mwanzoni na anatakiwa kufika wapi. Kwa sampuli ya kaya 187, asilimia 46 ina kosa la takriban alama 7 kila upande, kwa hiyo ripoti ya robo ijayo ikionyesha asilimia 49 isiandike kwamba matumizi yamepanda.

Sentensi ya tano ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu isingeweza kuandikwa katika aya ya kwanza. Kaya 58 zilizoishiwa na klorini si watu waliokataa kubadilika; huenda walishabadilika, ila mradi haukuwaletea chupa ya pili. Hilo ni pungufu la zao, na linarekebishwa kwa kupanga upya ugawaji. Kaya 43 zilizobaki zilikuwa na klorini nyumbani lakini haikuwemo ya kutosha katika maji, na huko ndiko mhudumu anakotakiwa kwenda kuuliza kama tatizo ni harufu, ni kipimo kisicho sahihi au ni maji yaliyokaa mno. Katika aya ya awali makundi yote mawili yalikuwa yamehesabiwa kuwa yanakunywa maji salama.

Kuhusu magonjwa ya kuhara, hata kama daftari la kituo cha afya lingeonyesha wagonjwa wachache, sentensi ile isingestahili kurudi. Kuhara hupanda na kushuka kwa majira, na daftari huhesabu waliofika kituoni, si waliougua. Anayetaka kudai kwamba mradi umepunguza ugonjwa anahitaji kulinganisha na majira yaleyale ya mwaka uliotangulia, na vilevile na eneo lisilo na mradi.

Inabaki «uelewa umeongezeka», niliyoiacha nje ya aya mpya kwa sababu haikuwa na takwimu. Tuseme zingekuwepo alama za mtihani wa kabla na baada ya mafunzo. Je, hizo ni zao au tokeo? Watu wa fani hii hawakubaliani, na faharasa ya mwaka 2002 ya OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, haimalizi ubishi, maana baada ya kusema kwamba mazao ni bidhaa na huduma, inaongeza kwamba yanaweza pia kujumuisha mabadiliko yanayosaidia kufikia matokeo. Mimi huyaweka maarifa katika ngazi ya kwanza ya matokeo, kwa kuwa mwezeshaji hawezi kujifunza kwa niaba ya mtu. Lakini ikiwa jedwali la mantiki lililosainiwa na mfadhili limeyaweka chini ya mazao, yaripoti huko hadi mradi uishe, na usiyahamishe katikati ya njia kwa sababu tu sehemu ya matokeo inaonekana tupu. Kama matumizi bado hayajapimwa, andika hivyohivyo: «Vyombo vimegawiwa, matumizi yatapimwa wiki 8 baada ya ugawaji na kuripotiwa katika robo ijayo.»