Kiwango cha Fermi katika silikoni ya aina ya n na ya aina ya p: mahali kilipo na jinsi halijoto inavyokihamisha

Atomi moja ya fosforasi ikichanganywa kwa kila atomi milioni tano za silikoni, silikoni hiyo hugeuka kutoka kitu kisichopitisha umeme ipasavyo na kuwa malighafi ya diodi, transista na seli za jua. Njia fupi ya kueleza mabadiliko hayo ni kutaja namba moja tu, yaani nishati inayoitwa kiwango cha Fermi. Nitakifuata kiwango hicho katika vipande viwili vya silikoni, kimoja cha aina ya n chenye fosforasi na kingine cha aina ya p chenye boroni, tangu kwenye baridi kali hadi kwenye joto la mamia ya digrii, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi wanapotarajia kihame upande mmoja huku chenyewe kikihamia upande mwingine.

Elektroni zilizomo ndani ya fuwele ya silikoni haziruhusiwi kuwa na nishati yoyote ile. Zipo nishati za chini zinazounda bendi ya valensi, ambamo elektroni zimeshikilia vifungo vya atomi, na zipo nishati za juu zinazounda bendi ya upitishaji, ambamo elektroni huwa huru kutembea. Kati ya bendi hizo mbili kuna pengo lisilo na nafasi hata moja katika silikoni safi, na upana wake katika kelvini 300, yaani nyuzi 27 za Selsiasi, ni elektroni-volti 1.12. Elektroni ikipanda kutoka bendi ya chini kwenda ya juu huacha nafasi tupu tunayoiita tundu, nalo tundu hutembea na kubeba umeme kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya.

Mwaka 1926 Enrico Fermi na Paul Dirac, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi elektroni zinavyogawanyika katika nafasi za nishati zilizopo. Kanuni yao huandikwa hivi:

f(E) = 1 / (1 + exp((E − EF)/kT))

Hapa f ni uwezekano wa nafasi yenye nishati E kuwa imekaliwa na elektroni, T ni halijoto kwa kelvini, k ni namba thabiti ya Boltzmann, na EF ndiyo kiwango cha Fermi. Ukiweka E sawasawa na EF, jibu huwa nusu. Kwa hiyo kiwango cha Fermi ni ile nishati ambayo, kama kungekuwa na nafasi hapo, nafasi hiyo ingekuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kukaliwa. Nasisitiza neno “kama”, kwa kuwa katika silikoni kiwango hiki kwa kawaida huangukia ndani ya pengo, mahali ambapo hakuna elektroni inayokaa. Anayekichora kama rafu iliyojaa elektroni atapotea mapema, kwani kiwango hiki ni kipimo cha jinsi nafasi za juu na za chini zinavyojazwa, wala si makazi ya elektroni.

Katika silikoni safi, kila elektroni iliyopanda juu imeacha tundu moja chini, na idadi hizo mbili hulingana. Ili zilingane, kiwango cha Fermi hulazimika kukaa takribani katikati ya pengo, kama elektroni-volti 0.56 kutoka kila upande. Katika kelvini 300 elektroni huru zilizopatikana kwa njia hiyo ni kama 10¹⁰ katika kila sentimita ya ujazo, idadi ndogo mno ikilinganishwa na atomi 5 × 10²² zilizomo katika ujazo huohuo.

Sasa tuchukue kipande cha aina ya n chenye atomi 10¹⁶ za fosforasi kwa kila sentimita ya ujazo, ambao ndio ule uwiano wa moja kwa milioni tano. Fosforasi ina elektroni tano za nje, nne hutumika katika vifungo na jirani zake, na ya tano hushikiliwa kwa nguvu hafifu, kiasi kwamba elektroni-volti 0.045 zinatosha kuiachilia iingie bendi ya upitishaji. Katika halijoto ya chumba zaidi ya asilimia 99 ya atomi hizo zimekwisha kutoa elektroni zao, kwa hiyo tunajua kwamba elektroni huru ni 10¹⁶. Swali linalobaki ni kiwango cha Fermi kiwe wapi ili hesabu hiyo itimie.

Nafasi za chini ya bendi ya upitishaji zinazoweza kufikiwa na elektroni huwakilishwa na idadi moja iitwayo Nc, ambayo katika kelvini 300 ni kama 2.8 × 10¹⁹ kwa sentimita ya ujazo. Elektroni 10¹⁶ zikigawanywa katika nafasi hizo, nafasi moja tu kati ya 2,800 ndiyo iliyokaliwa. Kanuni ya Fermi na Dirac ikigeuzwa ili itoe umbali badala ya uwezekano, tunapata:

Ec − EF = kT ln(Nc/Nd)

Ec ni ukingo wa chini wa bendi ya upitishaji na Nd ni idadi ya atomi za fosforasi. Katika kelvini 300 zao la kT ni elektroni-volti 0.0259, na logarithimu asilia ya 2,800 ni 7.94, hivyo umbali ni elektroni-volti 0.205. Kiwango kimepanda kutoka katikati ya pengo kwa elektroni-volti 0.36 hivi na kuukaribia ukingo wa juu, ingawa bado hakijaugusa.

Kipande cha boroni ni picha ya kioo ya hicho cha kwanza. Boroni ina elektroni tatu za nje, hivyo huchukua elektroni moja kutoka bendi ya valensi na kuacha tundu, na yenyewe pia huhitaji elektroni-volti zipatazo 0.045 kufanya hivyo. Kwa atomi 10¹⁶ za boroni, kiwango cha Fermi hushuka hadi takribani elektroni-volti 0.2 juu ya ukingo wa bendi ya valensi. Ukiongeza boroni au fosforasi mara kumi, kiwango husogea kuelekea ukingo wake kwa elektroni-volti 0.06 tu, kwa sababu logarithimu hupanda polepole.

Tukipasha joto kile kipande cha aina ya n, jambo ambalo mtu hulifikiria kwanza ni kwamba joto huzipa elektroni nishati, basi kiwango nacho kitapanda. Hali ni kinyume chake. Katika kelvini 400, yaani nyuzi 127 za Selsiasi, elektroni huru bado ni zilezile 10¹⁶, kwa kuwa fosforasi imekwisha kutoa karibu zote ilizokuwa nazo. Kilichoongezeka ni nafasi zinazofikika, kwani Nc hukua kwa kipeo cha 3/2 cha halijoto na sasa imekuwa kama 4.3 × 10¹⁹. Elektroni zilezile katika nafasi nyingi zaidi maana yake ni kwamba sehemu iliyokaliwa imepungua hadi moja kati ya 4,300. Isitoshe, kT imekua hadi 0.0345, na joto kubwa hutawanya elektroni mbali zaidi juu ya kiwango cha Fermi, hivyo ili nafasi za bendi zibaki tupu kiasi hicho, ni lazima kiwango kiwe mbali zaidi chini yake. Umbali unafikia elektroni-volti 0.29, na katika kelvini 500 unafikia 0.375. Katika kipande cha boroni sababu hizohizo hukisukuma kiwango kupanda. Vipande vyote viwili, kimoja kutoka juu na kingine kutoka chini, vinaelekea katikati ya pengo.

Mwisho wa safari hiyo hufika pale joto linapopandisha elektroni nyingi kutoka bendi ya valensi moja kwa moja hadi zilingane na zile za fosforasi. Kwa mchanganyiko wetu wa 10¹⁶ hilo hutokea kati ya kelvini 600 na 700. Kipande chenye fosforasi 10¹⁴ tu hufika huko karibu na nyuzi 200 za Selsiasi. Baada ya hapo silikoni hutenda kama silikoni safi, kiwango hukaa karibu na katikati, na tofauti ya n na p iliyotengenezwa kwa uangalifu kiwandani hufifia mpaka kipande kikipoa tena.

Upande wa baridi nao una jambo lake. Chini ya kelvini 100 hivi, elektroni huanza kurudi kwenye atomi za fosforasi na kunaswa humo. Kiwango cha Fermi hupanda kuelekea nishati ya fosforasi, yaani ile ya elektroni iliyonaswa na atomi hiyo, elektroni-volti 0.045 chini ya ukingo, kisha huipita, na halijoto inapokaribia sifuri kamili hutulia katikati ya nishati hiyo na ukingo wa bendi ya upitishaji, yaani kama elektroni-volti 0.0225 chini ya ukingo. Hayo ni kweli ikiwa kipande hakina boroni yoyote iliyojipenyeza. Ikiwemo hata kidogo, huchukua baadhi ya elektroni za fosforasi, nishati ya fosforasi hubaki imejaa kwa sehemu tu hata kwenye sifuri, na kiwango huishia hapohapo kwenye nishati hiyo.

Aina ya kipande huweza kutambuliwa kwa voltimita na hauya ya kulehemu. Ncha ya moto ya hauya huunganishwa kwenye upande chanya wa kipimo na ncha baridi kwenye upande hasi, kisha zote mbili huguswa juu ya silikoni. Katika aina ya n elektroni hukimbia kutoka mahali penye moto na kuacha chaji chanya, hivyo kipimo husoma chanya, ilhali katika aina ya p husoma hasi. Kipimo hiki hudanganya kipande chenye boroni chache kikipashwa moto kupita kiasi, kwa sababu elektroni na matundu yaliyozaliwa na joto huwa mengi kuliko ya boroni, na kwa kuwa elektroni za silikoni hutembea upesi kuliko matundu, kipande cha p husomeka kama n.

Vipande hivyo viwili vinapounganishwa kuwa kiungo cha p na n, tofauti ya viwango vyao kabla ya kuungana ndiyo volti inayojijenga ndani ya kiungo. Katika kelvini 300 ni 1.12 ukitoa 0.205 na 0.2, yaani kama volti 0.71. Katika kelvini 400 viwango vimesogeleana, pengo lenyewe limepungua hadi kama 1.10, na volti ya ndani imeshuka hadi karibu 0.53. Huko ni kupungua kwa milivolti 1.8 kwa kila digrii, karibu sawa na milivolti 2 ambazo seli ya jua ya silikoni hupoteza kwa kila digrii inapokuwa wazi bila mzigo. Paneli ya seli 60 zilizofungwa mfululizo, ikipata joto kutoka nyuzi 25 za majaribio hadi nyuzi 60 juu ya bati la Dodoma au Garissa, hupoteza zaidi ya volti 4. Asubuhi ya baridi ya Njombe hesabu hugeuka, na volti hupanda kupita ile iliyoandikwa nyuma ya paneli. Kwa hiyo fundi anayepanga idadi ya paneli katika mfululizo mmoja anapaswa kupima kikomo cha inveta yake kwa volti ya asubuhi hiyo yenye baridi, si kwa volti ya nyuzi 25.