Barua ya Shukrani kwa Familia ya Kijerumani: Dhana Potofu na Ukweli

Mwanafunzi aliyekaa mwaka mzima wa shule na familia ya Kijerumani huwa anaongea nao vizuri tu mezani. Akisharudi kwao na kushika kalamu awaandikie shukrani, Kijerumani chake hugeuka ghafla kikawa cha ofisini. Mara nyingi chanzo ni adabu zetu za Kiswahili, ambazo huingia kwenye barua bila mwandishi kujua. Tumchukue msichana wa Moshi aliyerudi kutoka Freiburg, tumwite Neema.

Dhana: Wenyeji ni watu wazima, basi waandikie kwa "Sie", ile "wewe" ya heshima.

Kwetu kumwita mtu wa makamo kwa jina tupu ni utovu wa adabu, na Neema anaanza barua kwa "Sehr geehrte Frau", kisha jina la ukoo. Hivyo ndivyo mtu anavyomwandikia meneja wa benki. Mama mwenyeji aliyeitwa kwa jina lake la kwanza na kuambiwa "du", "wewe" ya watu wa karibu, mwaka mzima atajiuliza kimekuwaje. Kama mliishi kwa "du", andika kwa "du", na kwa familia nzima tumia "ihr" na "euch". Ukiwaandikia wote, "Liebe Gastfamilie" inatosha. Ukitaja mmoja mmoja, mwanamke ni "Liebe" na mwanamume ni "Lieber", kisha jina lake la kwanza. Bibi jirani uliyekuwa ukimwambia "Sie" hubaki na "Sie" yake, kwa hiyo salamu zake ziandikie kikaratasi chake.

Baada ya salamu huwekwa koma, na mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo, isipokuwa neno la kwanza likiwa nomino au jina. Walimu wa zamani husisitiza "Euch" kwa herufi kubwa. Mageuzi ya tahajia ya 1996 yaliagiza ndogo, na marekebisho ya 2006 yakaruhusu kubwa tena katika barua. Zote mbili ni sahihi, ila usizichanganye.

Dhana: Shukrani ikiwa nzito na yenye sifa nyingi ndiyo inayogusa.

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Neema ameandika kwamba wao ni familia bora duniani, hatawasahau milele, na Mungu awazidishie. Kwa Kiswahili hiyo ni barua nzuri kabisa. Msomaji wa Kijerumani huiona kama kadi ya dukani, kwa sababu kila sentensi ingeweza kupelekwa kwa familia yoyote. Anachotafuta ni jambo ambalo wao tu ndio walilifanya. Kwa hiyo Neema akafuta aya nzima na kuweka hii:

"Danke, dass ihr mich jeden Mittwoch zum Training gefahren habt, auch bei Schnee. Wenn ich jetzt in Moshi Brot schneide, denke ich an unser Abendbrot."

Anawashukuru kwa kumpeleka mazoezini kila Jumatano, hata theluji ikianguka, na anasema kila akikata mkate Moshi hukumbuka chakula chao cha jioni. Sentensi mbili tu, na mama mwenyeji ataisoma kwa sauti jikoni. Angalia pia kitenzi: baada ya "dass" huenda mwisho, "gefahren habt". Aliyezoea mpangilio wa Kiswahili huandika "dass ihr habt mich gefahren", kosa linaloonekana mara moja. Mambo matatu au manne ya namna hii yanatosha. Dua si kosa kwa familia ya kanisani, lakini isichukue nafasi ya kumbukumbu.

Dhana: Ni ungwana kuomba radhi kwa yote uliyowakosea.

Sisi tukiagana husema "kama kuna mahali nimewakosea, mnisamehe", na hakuna anayeuliza ni wapi. Kijerumani hakina desturi hiyo ya jumla. Ukiandika "Es tut mir leid, wenn ich Fehler gemacht habe", watakaa kufikiri ni kosa gani umelificha, na pengine watapiga simu. Kama kulikuwa na jambo halisi, litaje kwa jina, ikiwezekana kwa utani: kwamba hadi leo unatupa takataka kwenye pipa lisilo lake. La sivyo, acha.

Dhana: Umaliziaji ni uleule wa Kiingereza.

Baada ya "Liebe Grüße" hakuna koma, hata kama macho yanaidai. Chini yake Neema, aliyeandika "ihr" kwa herufi ndogo, anaandika "eure Neema". Angekuwa mvulana angeandika "euer". "Mit freundlichen Grüßen" iachie barua ya kuomba kazi.

Kwenye bahasha jina la mtaa hutangulia namba ya nyumba, na msimbo wa posta wenye tarakimu tano hutangulia jina la mji. Nchi huandikwa mstari wa mwisho.