Namba mbili za NSSF hazizai pensheni mbili

Wiki iliyopita mfanyakazi mwingine alikaa mbele ya meza yangu akiwa na kadi mbili za NSSF, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya familia, kwamba hataki namba zake ziunganishwe kwa sababu kila namba ina mafao yake. Nimekuwa mhasibu wa mishahara kwa miaka mingi, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba sasa naona ni heri niijibu kwa maandishi.

Namba ya pili kwa kawaida huzaliwa bila hila yoyote. Mtu anaajiriwa mahali papya, haulizwi kama tayari ni mwanachama, au anaulizwa naye hakumbuki kadi aliiweka wapi, basi anajaza fomu ya usajili upya. Akiwa ameolewa katikati na kubadili jina, hakuna anayeshtuka.

Hasara yake iko kwenye miezi. Pensheni ya uzeeni hudai michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, na asiyefikisha hulipwa mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi. Mwenye miezi 100 kwenye namba moja na mingine 90 isiyogongana nayo kwenye namba nyingine ameshavuka kiwango hicho, lakini ukizisoma taarifa zake za michango kila moja peke yake utaona watu wawili wasiostahili pensheni.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hata wale waliokubali kuunganisha hukosea hapo: wanajumlisha. Mama mmoja niliyemsaidia alikuwa na namba ya kwanza yenye michango ya kuanzia Januari 2004 hadi Aprili 2013, ambayo ni miezi 112. Namba ya pili ilianza Oktoba 2010, alipopata kazi nyingine ya jioni, ikaendelea hadi Septemba 2018, nayo ni miezi 96. Alikuwa amekwishaandika 208 nyuma ya bahasha na kuizungushia duara. Nilimwomba aweke taarifa mbili sambamba na kupigia mstari kila mwezi uliotokea pande zote mbili, na kalamu yake ilipita juu ya miezi 31, kuanzia Oktoba 2010 hadi Aprili 2013. Oktoba 2010 ilikuwa moja tu, hata kama aliifanyia kazi kwa waajiri wawili. Fedha za pande zote mbili zinabaki zake, lakini kipindi cha uchangiaji ni miezi 177. Alikosa mitatu.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Unapeleka ombi kwenye ofisi ya mfuko pamoja na kadi zote mbili, taarifa za michango, kitambulisho cha taifa na barua za waajiri zinazoonyesha tarehe za kuanza na kuacha kazi. Majina yakitofautiana, unaongeza cheti cha ndoa au hati ya kiapo. Kwa kawaida hubaki namba ya kwanza. Kuhusu kiapo nina shaka yangu: pale ambapo jina na mwaka wa kuzaliwa vyote vinatofautiana, kiapo kinathibitisha hasa kwamba mtu ameapa, na ndiyo maana mimi huitegemea zaidi barua ya mwajiri wa zamani, ikiwa mwajiri huyo bado yupo.

Kuna hatua moja ambayo karibu kila mtu huisahau. Siku namba ya pili inapofungwa, mwajiri wa sasa lazima abadilishe namba hiyo kwenye orodha yake ya michango ya kila mwezi, la sivyo mwezi unaofuata fedha zinapelekwa kwenye namba iliyokwisha kufungwa, na unaanza kuzitafuta upya.

Kuunganisha, hata hivyo, hakuzalishi mwezi ambao haukulipwa. Yule mama alirudi na hati za mshahara za Oktoba, Novemba na Desemba 2018, kila moja ikionyesha makato ya NSSF, ilhali miezi hiyo haikuonekana kwenye taarifa yoyote kati ya zile mbili. Hapo tuliangalia kwanza kama mwajiri alikosea tarakimu moja na kuipeleka michango kwenye namba ya mtu mwingine, na haikuwa hivyo. Alikata na hakuwasilisha. Hilo si ombi la kuunganisha tena, ni dai la malimbikizo dhidi ya mwajiri, na lina faili lake. Tuliambatisha nakala za hati hizo tatu, na namba zake ziliunganishwa zikiwa na miezi 177 wakati faili la pili likisubiri majibu ya mwajiri.