Picha orijino ni ipi hasa

Naomba tuliweke sawa hili neno orijino kabla halijaharibika kabisa. Kwenye magrupu mtu anaandika "nimeipata orijino" halafu anachotuma ni picha ile ile iliyozunguka WhatsApp, tofauti yake ni kwamba hii haina maandishi juu. Mwingine akisema orijino anamaanisha HD, mwingine anamaanisha haina filta, na siku hizi wapo wanaomaanisha tu kwamba haijatengenezwa na AI. Hivyo ni vitu vinne tofauti na hakuna hata kimoja ambacho ndicho orijino.

Orijino ni faili lililotoka kwenye kamera au simu iliyopiga, kabla programu yoyote haijalisevu upya. Basi. Kwenye Nikon utaliona linaishia na .NEF, kwenye Canon .CR3 au .CR2, kwenye simu mara nyingi .HEIC au .jpg. Tunazungumzia faili hapa, siyo jinsi picha inavyoonekana, na ndiyo maana picha mbili zinaweza kufanana machoni kama mapacha na bado moja tu ikawa orijino. Na orijino haimaanishi kweli, tuelewane. Ukipanga watu wajifanye wanagombana ukawapiga picha, faili lako ni orijino safi kabisa la ugomvi ambao haukuwepo.

Sasa WhatsApp. Ukituma kwa njia ya kawaida inaipunguza picha ukubwa, inaibana upya na kufuta metadata, yaani tarehe, saa, aina ya kamera na kama ilikuwepo hata sehemu ilipopigwa, na ukichagua HD unapata kubwa zaidi lakini bado si faili lile lile. Ukitaka lifike kama lilivyo tuma kama dokumenti. Skrinshoti ndiyo mbaya zaidi maana ni faili jipya lenye tarehe yake yenyewe, mtu anaweza kupiga skrinshoti leo ya picha ya miaka 8 nyuma na metadata ikasema leo, halafu kuna mtu atakuja kuitumia hiyo kama ushahidi.

Kwa nini nakazania faili na siyo picha? Angalia kesi mbili zilizokwenda tofauti kabisa.

Septemba 2013 mpiga picha Narciso Contreras, aliyekuwa anafanya kazi na shirika la habari la AP kule Syria, alipiga picha ya mpiganaji wa upinzani akijikinga, na kwenye kona ya chini kushoto ikaonekana kamera ya video ya mwenzake. Akaifuta kwa kunakili udongo wa pembeni na kuubandika juu yake. Baadaye yeye mwenyewe aliwaambia wahariri, na Januari 2014 AP wakakata uhusiano naye. Lakini kwa sababu orijino ilikuwepo waliweza kuweka picha mbili pamoja na kuonyesha hasa kilichoondolewa, wakapitia na takriban picha zake nyingine 500 na kusema hawakukuta nyingine iliyochezewa. Adhabu unaweza kuiona kali, sawa, ila hakuna aliyebaki anajiuliza nini kilifanyika.

Linganisha na picha ya Kate, Binti Mfalme wa Wales, na watoto wake iliyotolewa Machi 10, 2024. Usiku huo huo AP wakatuma ilani ya kuiua, ndivyo watu wa mashirika ya habari wanavyoita, na Reuters, AFP na Getty nao wakaiondoa, maana mkono wa sweta la Charlotte haukuungana vizuri. Kesho yake Kate akaomba radhi akasema alikuwa anajaribu kuediti. Metadata ilionyesha imeseviwa kwa Photoshop mara mbili, lakini ikulu yao ikasema orijino haitatolewa. Hapo uvumi ukawa hauna breki, wengine wakaapa picha nzima ni ya AI, na hakukuwa na kitu cha kuweka mezani kuwajibu. Metadata inaweza kukwambia programu gani imetumika na saa ngapi. Haikwambii kilichoguswa ni sweta au ni uso.

Haya, tufanye mfano wetu. Una picha ya mkutano wa hadhara, DSC_0417.NEF, imepigwa wima, na ukurasa unataka picha ya mlalo. Mtu wa grafiki anaifungua Photoshop, anavuta kingo kushoto na kulia, anabonyeza Generative Expand, na programu inajaza kwa AI pale palipokuwa patupu. Kwa nia nzuri kabisa, yeye anachotaka ni nafasi ijae. Ila pembeni mwa watu programu inaweka nini? Inaweka watu. Mkutano ambao umati wake uliishia kwenye nguzo ya umeme sasa umati unaendelea mpaka mwisho wa picha, na hakuna uso maarufu uliobandikwa wala kitu cha ajabu cha kumshtua msomaji, idadi tu ndiyo imedanganya.

Kazi ya kuzuia hili inaanza kabla ya kuediti. Memori kadi ikishatoka kwenye kamera mafaili yanakopiwa kwenye folda ambayo hakuna anayefanyia kazi humo, unayafunga yasiandikwe juu, unaweka na kopi nyingine diski tofauti, halafu unachukua hashi:

```
sha256sum DSC_0417.NEF > DSC_0417.sha256
```

Inakupa mstari wa herufi na namba 64 ambao unabadilika kabisa hata kikiguswa kitu kidogo kiasi gani ndani ya faili. Kesho au baada ya miaka 5 unaandika `sha256sum -c DSC_0417.sha256`, ikijibu OK ujue faili ni lile lile. Hiyo hashi mtumie na mhariri kwa barua pepe siku hiyo hiyo, kwa sababu ikikaa folda moja na picha basi mwenye kuibadili picha ataibadili na hashi.

Kuediti kunafanyika kwenye kopi. Lightroom hapa inasaidia maana haigusi NEF, inaandika maelekezo pembeni, kwenye katalogi yake au kwenye kifaili cha .xmp. Photoshop ukisevu JPEG juu ya JPEG ya zamani umeshaifuta ile ya zamani, kwa hiyo kila toleo lipewe jina lake, na iwepo daftari, faili la maandishi tu linatosha:

```
0417_01.jpg  kutoka NEF: mwanga umeongezwa, rangi imesawazishwa
0417_02.jpg  kutoka 01: kingo za kushoto na kulia zimejazwa kwa
             Generative Expand, watu wa pembeni hawakuwepo
```

Uone kwamba kila mstari unasema toleo limetoka kwenye lipi. Watu wengi wanaandika tu "imeeditiwa" na tarehe, hiyo haimsaidii mtu. Ukiwa na 01 na 02 unaweza kuzipandanisha Photoshop, leya ya juu ukaiweka Difference, pale zinapofanana panakuwa peusi na palipobadilishwa panang'aa, na ndani ya dakika moja umeona mpaka wa kilichoongezwa. Bila 01 unabaki kutafuta vidole vya ajabu na mabango yenye herufi zisizosomeka, na programu za sasa zimeshaacha makosa mengi ya aina hiyo. Na tahadhari ndogo, ukitumia programu ya exiftool kubadili metadata itakuachia faili linaloishia na `_original`, hilo ni lile lililokuwepo kabla ya amri yako tu, linaweza kuwa toleo la tano huko. Nimeona watu wanalituma kwa mhariri kama orijino kwa sababu ya jina.

Sasa lebo, na hapa ndipo ninapochoka kabisa. Picha iliyoongezwa mwanga, picha iliyojazwa kingo na picha iliyotengenezwa yote kwa maneno yaliyoandikwa kwenye programu, zote zinaitwa "za AI" na wanaotaka kutisha, na zote zinaitwa "zimeeditiwa kidogo" na wanaotaka kuficha. IPTC, wale wanaotunza viwango vya metadata za picha za habari, walishazitenganisha zamani. `digitalCapture` ni iliyotoka kwenye kamera, `trainedAlgorithmicMedia` ni iliyotengenezwa yote na AI, na `compositeWithTrainedAlgorithmicMedia` ni picha yenye sehemu iliyowekwa na AI, na ndiyo inayoihusu 0417_02 yetu. Ile 01 ya mwanga haihitaji lebo ya AI hata kidogo.

Meta, wenye Facebook na Instagram, walilipata hili kwa uchungu mwaka 2024. Walianza kuweka lebo ya "Made with AI" kwa kusoma alama zilizomo kwenye faili, na wapiga picha wakalalamika sana kwamba picha halisi waliyoondoa doa dogo kwa kifaa cha AI inatangazwa kama imetengenezwa na AI. Julai wakaibadili ikawa "AI info". Malalamiko yaliisha kiasi, ila hiyo lebo mpya haikumwambia mtu chochote, mtazamaji alijua kuna AI mahali fulani na hakujua kama ni doa lililofutwa au ni watu walioongezwa.

Kwa hiyo lebo ya picha yetu iseme kilichofanyika na mahali kilipofanyika: "Pande za kushoto na kulia zimeongezwa kwa akili mnemba. Watu wanaoonekana hapo hawakuwepo." Iandikwe kwenye kapsheni, iwekwe na kwenye metadata, na pia ndani ya picha yenyewe kwa sababu metadata tumeona inakufa WhatsApp na kapsheni inabaki kwenye ukurasa picha ikishachukuliwa. Na ndani ya picha isiwekwe kwenye kona, kona inakatwa kirahisi mno, iwekwe juu ya ile sehemu iliyoongezwa ili anayekata lebo akate na watu wa bandia.

Na kama ni habari, mimi naona 0417_02 isitumike kabisa. Lebo nzuri haifanyi umati wa kubuni kuwa picha ya habari. Kata 01 iwe ya mlalo, upoteze anga na miguu ya watu, au acha weusi pembeni.

Basi siku nyingine ukiombwa orijino na unachonacho ni cha kutoka kwenye grupu, hujakosea kutokuwa nayo. Andika tu hivi: "Sina orijino, hii ndiyo kopi ya kwanza iliyonifikia, nimeitumiwa na fulani Jumanne jioni." Anayeitafuta ataanzia kwa huyo fulani.