Si kila seli ya mrija wa korodani ni mbegu changa

Nimechoka kuona picha za hadubini za korodani ambamo kila seli iliyo ndani ya mrija imeitwa "mbegu changa". Mrija wa mbegu ni kijibomba kilichojipinda ndani ya korodani, na ukuta wake ni seli zilizopangana tabaka kwa tabaka, kuanzia utando wa msingi ulio nje hadi kwenye uwazi wa katikati. Mbegu huundwa humo. Lakini seli nyingi za ukuta huo bado hazijafika kuwa mbegu kwa namna yoyote ile.

Zilizokaa juu ya utando ni spermatogonia. Hugawanyika kwa mitosisi. Baadhi hubaki pale pale kama akiba na nyingine huendelea. Zinazoendelea huwa spermatosaiti za kwanza, seli kubwa kuliko zote za ukoo huu, zenye kiini kilichojaa nyuzinyuzi. Hizi hukaa wiki tatu hivi zikijiandaa kwa mgawanyiko wa kwanza wa miosisi, yaani ugawanyikaji unaopunguza kromosomu kutoka 46 hadi nusu yake, ndiyo maana zimejaa kwenye picha. Mgawanyiko huo huzaa spermatosaiti za pili, nazo hugawanyika upesi mno, kwa hiyo usishangae usipoziona. Zinazozaliwa ni spermatidi: ndogo, za duara, zenye kromosomu 23.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Spermatidi haigawanyiki tena. Inabadilika umbo tu: kiini hubanana na kurefuka, mkia huota, utegili wa ziada, yaani ute wa seli unaozunguka kiini, huachwa. Ukisema "mbegu changa", iwe ni kuanzia hapa.

Tuseme mwanamume hana mbegu kabisa kwenye shahawa, na kipande cha korodani yake kimekatwa kupimwa. Mirija ina spermatogonia, ina spermatosaiti za kwanza tele, kisha hakuna kitu. Hakuna hata spermatidi moja. Anayeandika "mbegu changa nyingi" anampa daktari matumaini ya kupata seli ya kuingiza kwenye yai. Ukweli ni kwamba seli zile zina kromosomu 46 bado, na kazi imekwama kwenye miosisi. Jibu sahihi ni kutaja hatua ya mbali kabisa iliyofikiwa, na kukumbuka kwamba mirija ya upande mwingine inaweza kuwa tofauti.

Wala usihukumu kwa mahali seli ilipo peke yake. Mrija ukikatwa kimshazari, spermatosaiti huonekana kama ziko katikati. Tazama kiini. Na seli za Sertoli, zinazoanzia kwenye utando na kufika hadi kwenye uwazi, si za ukoo wa mbegu hata kidogo: kiini chake hakina umbo maalumu, kina kiinikiini kimoja kinachoonekana wazi.

Kwa hiyo seli yenye kiini cha nyuzinyuzi iite spermatosaiti. Hata mbegu iliyokwisha kuachiwa kwenye uwazi bado haijui kuogelea. Uwezo huo huupata baadaye, ikipita kwenye epididimisi, mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani.