Ratiba ya kufunga mwezi: anza na ghala, siyo benki

Wahasibu wengi wanapopanga kazi za kufunga mwezi huanza na usuluhisho wa benki, kwa kuwa ndiyo kazi wanayoizoea. Mimi huuliza swali moja: ni kazi gani ikichelewa, nyingine zote zinakaa kusubiri? Kwenye kampuni ya usambazaji wa bidhaa jibu ni stoku. Bila hesabu ya stoku hakuna gharama ya mauzo, na bila gharama ya mauzo hakuna faida ghafi ya kumpelekea mkurugenzi. Benki anaweza kuifanya mtu mwingine pembeni huku kazi hiyo ikiendelea.

Tuchukue timu ya watu wanne jijini Dar es Salaam inayofunga Septemba 2025. Mwezi uliisha Jumanne, kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi, nitakayoiita S1, ni Jumatano tarehe 1 Oktoba. Ripoti inatakiwa S5, Jumanne tarehe 7. Hesabu siku za kazi, siyo tarehe, maana mwezi ukiishia Ijumaa, wikendi inameza siku mbili na ratiba yako ya tarehe inavunjika.

Sasa angalia mgongano: tarehe 7 ndiyo mwisho wa kulipa TRA kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Ukiiacha kazi ya mishahara iingie ndani ya S1 hadi S5, siku ya ripoti ndiyo siku ya foleni za malipo. Orodha ya mishahara ifungwe tarehe 25, ipitishwe 26, na namba ya malipo ya kodi iwe tayari kabla mwezi haujaisha. Uchakavu wa mali nao ufanyike wakati huohuo, kwa kuwa hautegemei chochote kinachotokea tarehe 30.

Jioni ya tarehe 30 stoo inafungwa saa 11, na stoku inahesabiwa bila mzigo kuingia wala kutoka. Mtunza stoo anaandika namba ya hati ya mwisho ya kupokea mzigo na ya mwisho ya kutoa. Namba hizo mbili ndizo mpaka wa mwezi. S1 saa 4 asubuhi karatasi za kuhesabia zinakuwa mezani kwa mhasibu wa stoku, na tofauti zote zinahesabiwa upya kabla ya saa 10 jioni. Baada ya hapo bidhaa zimeshasogea, na kuhesabu upya ni kubahatisha.

S2 ni siku ya ankara, na hapa ndipo miezi mingi huharibikia. Tuseme mzigo wa shilingi 18,400,000 bila VAT ulipokelewa tarehe 30, lakini muuzaji ataleta ankara tarehe 6. Mzigo umehesabiwa ghalani, ila haumo kwenye manunuzi. Kwa kampuni inayotumia hesabu hii:

```
Stoku ya mwanzo + Manunuzi - Stoku ya mwisho = Gharama ya mauzo
```

gharama inapungua kwa 18,400,000, na faida ya Septemba inapanda kwa kiasi hichohicho, kisha Oktoba inaonekana mbovu. Dalili ni asilimia ya faida ghafi inayopanda mwezi huu na kushuka unaofuata bila bei kubadilika.

Dawa yake ni kuweka mwisho wa kupokea ankara za Septemba S2 saa 6 mchana. Baada ya hapo, mhasibu wa wadai anapitia hati za mapokezi kurudi nyuma kuanzia namba ya mpaka, na kila isiyo na ankara anaiingiza kama deni la makadirio kwa bei ya oda. Aingize 18,400,000, siyo 21,712,000. VAT ya manunuzi haidaiwi bila risiti ya EFD. Ingizo hilo ligeuzwe tarehe 1 Oktoba, la sivyo ankara ikifika mzigo utahesabiwa mara mbili.

Benki, pesa za simu na wadaiwa vinakwenda sambamba na haya, na mwisho wake ni S3 saa 10 jioni. S4 asubuhi urari unatolewa, na mkuu wa hesabu anaupitia akilinganisha na Agosti. Marekebisho yanakoma saa 9 alasiri. Mimi huweka kiwango: kosa lililo chini ya shilingi 200,000 likionekana baada ya saa hiyo linakwenda Oktoba. Wakubwa hawakipendi mwanzoni, lakini bila kiwango timu hufungua daftari mara kumi kwa ajili ya nauli ya bodaboda. Kiasi chenyewe kitategemea ukubwa wa biashara yako.

S5 ripoti inatoka na Septemba inafungwa kwenye mfumo ili asiingize mtu tena. Ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20, inaandaliwa kutoka daftari hilo lililofungwa.