Mhadhara usiorekodiwa unatajwaje?

"Mhadhara wa mgeni haukurekodiwa wala hauna slaidi, kwa hiyo siwezi kuutaja kwenye tasnifu."

Unaweza, kinachobadilika ni mahali pa kuutaja. Katika mtindo wa APA, kwa kuwa msomaji hawezi kuufikia, hauingii kwenye orodha ya marejeo. Unautaja ndani ya matini tu: (A. Jina, mawasiliano binafsi, 12 Machi 2024). MLA, kinyume chake, huuorodhesha: mzungumzaji, kichwa, mwandalizi, tarehe, mahali.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni alama za kunukuu. Kama daftari lako lina muhtasari tu, usizitumie. Eleza hoja kwa maneno yako, kisha mwandikie mzungumzaji athibitishe kwamba ndivyo alivyosema.